Kodi ya Zuio katika Vitabu vya Mlipaji

Miongoni mwa maswali ya utunzaji wa hesabu yanayowapotosha wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wahasibu waliokwisha kuajiriwa, ni lile linaloeleza kwamba kampuni fulani ilipokea ankara ya huduma, ikakata kodi ya zuio wakati wa kulipa, kisha likamtaka mtahiniwa aonyeshe maingizo yanayostahili katika vitabu vya mlipaji. Hesabu yenyewe haina ugumu, kwa kuwa ni ya kuzidisha na kutoa tu, na mtu aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuipata. Kinachowapoteza watu ni suala jingine ambalo swali halilitaji waziwazi, nalo ni la kujua fedha iliyokatwa ni ya nani: je, ni gharama ya mlipaji, ni punguzo alilopewa, au ni mali ya mtu mwingine iliyobaki kwake kwa muda? Mazungumzo haya yanalifuata suala hilo hatua kwa hatua kwa kutumia mfano mmoja wa Tanzania, kwa sababu mwenye kulijibu sawasawa hupata maingizo yote bila kuyakariri.

Kodi ya zuio ni kodi ya mapato inayokatwa mahali fedha inapotoka, kabla haijamfikia yule anayelipwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mtu anayelipa aina fulani za malipo abakize sehemu ya malipo hayo na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, kwa niaba ya mlipwaji. Kwa ada ya huduma inayolipwa kwa mtoa huduma mkazi, kiwango ni 5%. Kwa mtoa huduma asiye mkazi, ni 15%. Bidhaa zina utaratibu wake: Serikali na taasisi zake zinaponunua bidhaa kwa mkazi hukata 2% ya malipo, ilhali kampuni ya kawaida inayonunua vipuri kwa muuzaji wa ndani haikati kitu. Mlipaji katika utaratibu huu huitwa wakala wa zuio, na jina hilo linabeba jibu la suala lililotajwa hapo juu, kwa maana wakala ni mtu anayeshika cha mwenziwe. Mtu binafsi anayemlipa fundi aliyemtengenezea bomba nyumbani kwake hahesabiwi kuwa wakala wa namna hiyo, kwa sababu sheria imewaondoa watu binafsi wanaolipa nje ya shughuli za biashara.

Mfano wenyewe uchukuliwe hivi. Kampuni ya kusaga nafaka iliyoko Morogoro ilifanyiwa matengenezo ya mitambo yake na kampuni ya ufundi ya hapa nchini, itakayoitwa fundi kuanzia hapa, na tarehe 5 Desemba ikapokea ankara ya ufundi peke yake, isiyo na vipuri ndani yake, yenye thamani ya shilingi 2,000,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ya 18% ambayo ni shilingi 360,000, hivyo jumla ikawa shilingi 2,360,000. Kampuni zote mbili zimesajiliwa kwa VAT. Tarehe 18 Desemba kampuni ya kusaga ililipa ankara hiyo kwa njia ya benki baada ya kukata kodi ya zuio, na mwaka wake wa hesabu unaishia tarehe 31 Desemba. Swali linataka maingizo ya tarehe hizo, pamoja na maelezo ya kitakachoonekana katika mizania ya mwisho wa mwaka.

Jambo la kwanza la kuamua ni kiasi ambacho 5% itakokotolewa juu yake. Ankara ina tarakimu tatu, na mwanafunzi aliye na haraka huinyakua ile kubwa iliyoandikwa chini kabisa, akakokotoa 5% ya 2,360,000 na kupata 118,000. Jibu hilo si sahihi, kwa kuwa kodi ya zuio ni kodi ya mapato, na VAT iliyomo katika ankara haikuwa mapato ya fundi hata siku moja. Fundi anaipokea kutoka kwa mteja ili aijumuishe katika hesabu yake ya VAT na TRA. Kukata zuio juu ya VAT ni kuitoza kodi ya mapato fedha ambayo mlipwaji hakuichuma. Kwa hiyo msingi wa kukokotolea ni shilingi 2,000,000, na kodi ya zuio ni shilingi 100,000. Fundi atapokea benki shilingi 2,360,000 kutoa 100,000, yaani shilingi 2,260,000.

Baada ya tarakimu kujulikana, maingizo yanaanza tarehe 5 Desemba ankara ilipopokelewa. Akaunti ya gharama za matengenezo inadebitiwa shilingi 2,000,000, kwa kuwa hiyo ndiyo thamani kamili ya kazi iliyofanyika. Akaunti ya VAT ya manunuzi inadebitiwa shilingi 360,000, kwa kuwa kampuni iliyosajiliwa inaweza kuikata VAT hiyo kutoka katika ile inayokusanya kwa wateja wake, mradi iwe na risiti halali ya kielektroniki. Na akaunti ya mtoa huduma, ambaye sasa ni mdai, inakreditiwa shilingi 2,360,000. Katika ingizo hili kodi ya zuio haimo kabisa. Kampuni haijalipa kitu, na wajibu wa kukata unamwangukia mlipaji anapofanya malipo, kwa hiyo siku ya ankara deni lote ni la fundi na halijagawanyika.

Ingizo la tarehe 18 Desemba ndilo kiini cha swali zima. Akaunti ya mtoa huduma inadebitiwa shilingi 2,360,000, yaani deni lake lote linafutwa, ingawa fedha iliyotoka benki ni pungufu ya hapo. Upande wa krediti unagawanyika sehemu mbili: akaunti ya benki inakreditiwa shilingi 2,260,000, na akaunti mpya inayoitwa kodi ya zuio ya kulipwa inakreditiwa shilingi 100,000. Mtu anaweza kujiuliza ni kwa haki gani deni la fundi linafutwa lote ilhali hakupewa lote mkononi. Jibu ni kwamba fundi amelipwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja: sehemu kubwa ameipokea kama fedha, na sehemu ndogo imechukuliwa kwa niaba yake ili imlipie kodi yake mwenyewe. Sheria inaihesabu sehemu hiyo kuwa ni malipo aliyoyapata, na kwa sababu hiyo hana haki ya kumdai mteja shilingi 100,000 nyingine.

Kwa upande wa kampuni, jumla ya madeni imepungua kwa kiasi kilekile kilichotoka benki, yaani 2,260,000, na shilingi 100,000 zilizobaki zimebadilisha mwenye kudai. Asubuhi ya tarehe 18 kampuni ilikuwa ikidaiwa na fundi. Jioni yake inadaiwa na TRA. Hakuna gharama iliyozaliwa na hakuna faida iliyopatikana katika hatua hii, na taarifa ya mapato na matumizi haiguswi hata kidogo. Mwanafunzi anayelishika jambo hili hawezi tena kujiuliza kama kodi ya zuio iandikwe pamoja na kodi ya kampuni katika hesabu ya faida, kwa maana ataona kwamba kodi iliyozuiwa si kodi ya mlipaji, ni kodi ya fundi iliyopitia mikononi mwa mlipaji.

Hatua ya tatu ni ya kuwasilisha. Sheria inampa wakala wa zuio siku 7 baada ya mwisho wa mwezi aliokata kodi, kwa hiyo kodi iliyokatwa wakati wowote ndani ya Desemba inatakiwa ifike TRA kabla ya tarehe 7 Januari kupita. Kampuni inapopata kumbukumbu namba ya malipo na kulipa benki, akaunti ya kodi ya zuio ya kulipwa inadebitiwa shilingi 100,000 na akaunti ya benki inakreditiwa kiasi hichohicho. Akaunti ya zuio inabaki sifuri, na safari ya ankara ile imekamilika katika vitabu vya mlipaji. Lakini mwaka wa hesabu wa kampuni hii uliisha kabla ya hatua hiyo, na ndiyo sababu swali liliuliza kuhusu mizania. Tarehe 31 Desemba mizania itaonyesha deni la muda mfupi la shilingi 100,000 kwa TRA, likitenganishwa na wadai wa kibiashara na pia na kodi ya mapato ya kampuni yenyewe. Salio la benki siku hiyo linaonekana kubwa kuliko fedha ambayo kampuni iko huru kuitumia, na meneja anayesoma salio la benki peke yake bila kuangalia deni hilo anaweza kununua mahindi kwa fedha isiyo yake. Hatari hii haionekani katika darasa, ila katika biashara ndogo zenye uhaba wa fedha ndiyo inayosababisha wengi kuchelewa kuwasilisha, na kuchelewa huleta riba na adhabu. Riba hiyo na adhabu hiyo, tofauti na kodi yenyewe, ni gharama halisi ya mlipaji, kwa sababu zimetokana na uzembe wake na hazimhusu fundi. Ndizo peke yake zinazostahili kwenda katika hesabu ya faida na hasara.

Makosa katika maingizo haya yana sura chache zinazojirudia, na mojawapo hustahili kuchambuliwa kwa kirefu kwa kuwa hujificha. Mtunza hesabu hupokea taarifa ya benki inayoonyesha 2,260,000, akaidebiti akaunti ya fundi kiasi hicho na kuikrediti benki, basi akaona kazi imekwisha. Mwezi Januari anaona malipo mengine ya shilingi 100,000 kwenda TRA, na kwa kuwa hakuna akaunti ya deni inayoyasubiri, anatafuta pa kuyaweka, akayadebiti katika akaunti ya gharama za kodi. Kila ingizo lina debiti na krediti zilizo sawa, na urari, yaani ile orodha ya masalio yote inayolinganisha jumla za pande mbili, unakubali bila manung'uniko. Hata hivyo vitabu vimepotoka mahali pawili. Gharama zimezidi kwa shilingi 100,000, kwa maana kazi ya fundi ilikwisha kuhesabiwa kwa thamani yake kamili ya 2,000,000 na sasa imeongezewa kodi yake juu yake. Na akaunti ya fundi ina salio la shilingi 100,000 ambalo halipo, ambalo siku moja mfanyakazi mpya anaweza kulikuta katika orodha ya wadai na kulilipa kweli. Masahihisho yake ni ingizo moja la jarida: kudebiti akaunti ya mtoa huduma shilingi 100,000 na kukrediti gharama za kodi shilingi 100,000. Ikumbukwe kwamba katika mfano huu kosa lilianza Desemba na kukamilika Januari, kwa hiyo mizania ya Desemba ilikuwa na jumla ya madeni iliyo sahihi ila jina la mdai lilikuwa si lake, na faida iliyopotoka ni ya mwaka uliofuata. Mtahini mwerevu hupenda kuuliza kipengele hicho.

Kosa la pili ni la kuandika gharama kwa kiasi kilichopungua. Baadhi ya ofisi ambazo haziandiki ankara zinapofika, bali huandika siku ya kulipa, huweka katika gharama za matengenezo shilingi 1,900,000 kwa hoja kwamba ndizo zilizomfikia fundi. Hoja hiyo inaiona kodi ya zuio kama punguzo la bei, jambo ambalo si kweli, kwa sababu mlipaji hakusamehewa kitu. Alitoa shilingi 1,900,000 kwa mtu mmoja na 100,000 kwa mwingine kwa ajili ya kazi ileile. Anayeandika hivyo hujipunguzia mwenyewe gharama anazoruhusiwa kuzitoa katika mapato yake, na hatimaye hulipa kodi ya kampuni juu ya faida ambayo hakuipata.

Njia ya kuyagundua makosa yote mawili ni kuitazama akaunti ya kodi ya zuio ya kulipwa kila mwisho wa mwezi na kudai ijieleze. Salio lake siku ya mwisho wa mwezi linapaswa kuwa sawa na jumla ya kodi iliyokatwa katika malipo ya mwezi huo peke yake, na baada ya malipo ya mwezi uliofuata linapaswa kurudi sifuri kabla ya makato mapya kuhesabiwa. Salio la debiti katika akaunti hii ni dalili kwamba TRA imelipwa kodi ambayo haikuandikwa wakati wa kukatwa. Salio la krediti lisilopungua mwezi baada ya mwezi ni dalili kwamba kuna kodi iliyokatwa na kubaki. Vilevile, taarifa ya akaunti inayotumwa na mtoa huduma ikilinganishwa na leja ya mlipaji na kuonekana tofauti ambayo ni 5% kamili ya ankara fulani kabla ya VAT, hapana haja ya kutafuta mbali: upande mmoja umeandika zuio na mwingine haukuliandika.

Maswali mengine huanzia mwishoni na kumtaka mtahiniwa arudi nyuma. Huambiwa kwamba benki ilitoa shilingi 2,260,000 kumlipa mtoa huduma aliyesajiliwa kwa VAT, baada ya kukata kodi ya zuio ya 5%, na atafute thamani ya ankara. Wengi hugawa 2,260,000 kwa 0.95, wakapata shilingi 2,378,947, tarakimu ambayo haiwezi kuwa jumla ya ankara wala thamani ya huduma. Mkanganyiko unatokana na kusahau kwamba VAT na zuio vyote viwili hukokotolewa juu ya thamani moja ya huduma, kimoja kikiongeza na kingine kikipunguza. Thamani ya huduma ikichukuliwa kuwa 100, VAT inaongeza 18 na kuwa 118, kisha zuio linaondoa 5 na kubaki 113. Kwa hiyo kilichotoka benki ni 113 katika kila 100 ya huduma, na 2,260,000 ikigawanywa kwa 1.13 inarudisha shilingi 2,000,000 sawasawa. Kwa upande wa Zanzibar, ambako kiwango cha kawaida cha VAT ni 15% na Sheria ya Kodi ya Mapato ni ileile ya Muungano, tarakimu ya kugawia ingekuwa 1.10. Kugawa kwa 0.95 kunafaa pale tu mtoa huduma asipokuwa amesajiliwa kwa VAT.

Malipo kwa awamu nayo hufuata mantiki hiyohiyo. Kampuni ikilipa nusu ya ankara kwanza, inakuwa imeshughulikia shilingi 1,180,000 za deni, ambazo ndani yake huduma ni 1,000,000 na VAT ni 180,000. Zuio ni 50,000 na benki inatoa 1,130,000. Akaunti ya fundi inadebitiwa 1,180,000, si 1,130,000, na nusu ya pili inashughulikiwa vivyo hivyo siku yake, kodi ya kila awamu ikiwasilishwa kwa kufuata mwezi wa awamu hiyo.

Kuna mkataba wa aina moja unaobadilisha jibu, na mwanafunzi hana budi kuutambua kwa maneno yake. Mtoa huduma asiyesajiliwa kwa VAT anaweza kusema kwamba anataka shilingi 1,900,000 mkononi, na habari za kodi mteja azimalize mwenyewe. Hapo mlipaji amekubali kuibeba kodi ya mwenziwe, na gharama yake haiwezi kuwa 1,900,000 tena. Wengine huongeza 5% ya 1,900,000, yaani 95,000, wakaandika gharama ya 1,995,000. Lakini 95,000 si 5% ya 1,995,000, na kodi inakuwa imelipwa pungufu. Njia sahihi ni kuuliza ni kiasi gani ambacho kikiondolewa 5% kitabaki 1,900,000. Kiasi hicho ni 1,900,000 kugawa kwa 0.95, yaani shilingi 2,000,000. Gharama inadebitiwa 2,000,000, benki inakreditiwa 1,900,000 na kodi ya zuio ya kulipwa inakreditiwa 100,000. Kwa mtazamo wa maingizo hakuna kilichobadilika, ila mlipaji amelipa bei ya juu kuliko aliyodhani anaahidi, na mkataba wenye maneno ya namna hiyo unapaswa kumfikia mhasibu kabla ya kutiwa saini.

Hali iliyo ngumu kuliko zote ni ya mlipaji aliyesahau kukata. Tuseme kampuni ya kusaga ililipa 2,360,000 zote tarehe 18 Desemba, na akaunti ya fundi ikafungwa. Sheria haimwondolei wakala wajibu kwa sababu ya kusahau. Inamtaka aiwasilishe kodi aliyopaswa kuikata kana kwamba aliikata, na pia inampa haki ya kumdai mlipwaji kiasi hicho. Maingizo yanaufuata ukweli huo: akaunti ya kodi ya zuio ya kulipwa inakreditiwa 100,000, na debiti inakwenda katika akaunti ya fundi, ambaye mara moja anageuka kutoka mdai kuwa mdaiwa, kwa kuwa alipokea 100,000 zaidi ya alizostahili kupewa mkononi. Fundi akizirudisha, au zikakatwa katika ankara yake inayofuata, mlipaji hana hasara. Akikataa au asipopatikana tena, deni hilo linafutwa kama deni lisilolipika na kuwa hasara ya mlipaji. Ni hapo peke yake, katika mfano huu wote, ambapo kodi ya zuio inaishia kuwa mzigo wa aliyelipa, na hata hapo imefika kwa kupitia deni lililoshindikana, si kwa kuandikwa gharama tangu mwanzo. Mtunza hesabu anayeipeleka moja kwa moja kwenye gharama anakuwa amelisamehe deni kwa niaba ya wenye kampuni bila wao kuulizwa.

Kwa ukamilifu wa jibu, vitabu vya fundi vinapaswa kusomeka kama vya mlipaji vilivyogeuzwa. Mapato yake ni 2,000,000 kamili, VAT ya mauzo ni 360,000, na siku ya kulipwa anadebiti benki 2,260,000 na kodi ya zuio ya kudai 100,000, akikrediti akaunti ya mteja 2,360,000. Zile 100,000 ni mali katika mizania yake hadi atakapokokotoa kodi yake ya mapato ya mwaka na kuziondoa humo: ikiwa kodi ya mwaka ni shilingi 700,000, sehemu ya 100,000 imekwisha kulipwa. Inawezekana hivyo kwa sababu zuio la 5% kwa ada ya huduma ya mkazi si kodi ya mwisho, yaani halifungi hesabu ya mlipwaji na TRA, bali ni malipo ya awali ya kodi yake ya mwaka. Kwa asiye mkazi hali ni tofauti, kwani 15% iliyokatwa kwa kawaida ndiyo hitimisho la kodi yake hapa nchini.

Ili fundi aweze kuzidai 100,000 zake anahitaji cheti cha kodi ya zuio, ambacho mlipaji anapaswa kisheria kumpa, kikionyesha kiasi kilicholipwa na kodi iliyokatwa. Bila cheti hicho, tarakimu iliyomo katika vitabu vyake ni madai yasiyo na ushahidi, na mkaguzi akiikataa fundi atailipa kodi ileile mara ya pili. Kwa hiyo kila mtoa huduma na adai cheti chake mara tu anapoona malipo yamepungua kwa 5%, na kila mlipaji na akitoe pamoja na hati ya malipo bila kungoja kuombwa, kwa kuwa fedha aliyoikata ni ya mwenziwe na cheti ndicho kinachomrudishia.